Kubaki Ndani Bila Kusema Uongo

Januari 2012, mjini Orlando, Florida, Alan Chambers alisimama mbele ya mkutano ambao wengi hawakutarajia kumwona. Alikuwa rais wa Exodus International, mtandao mkubwa wa huduma za Kikristo uliokuwa ukiwahubiria watu wanaovutiwa na watu wa jinsia yao kwamba wanaweza kubadilika. Waliomsikiliza siku ile walikuwa Wakristo wenye mvuto huohuo, na baadhi yao walikuwa wamepita katika huduma kama zake na kutoka wakiwa na majeraha. Chambers akawaambia kwamba asilimia 99.9 ya watu aliokutana nao katika kazi hiyo hawakubadilika mvuto wao. Yeye mwenyewe alikuwa na mke aliyempenda, na walikuwa wakilea watoto pamoja, lakini hata kwake mvuto ule ulikuwa haujaondoka.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Juni 2013, shirika likafungwa. Chambers alitangaza uamuzi huo katika mkutano wa mwaka wa Exodus huko Irvine, California, na akawaomba radhi watu walioumizwa. Exodus ilikuwa imeanza mwaka 1976. Michael Bussee, mmoja wa waanzilishi wake, alijitoa mapema kabisa, mwaka 1979, na miaka mingi baadaye naye akaomba radhi hadharani.

Naanza na habari hii kwa sababu watu wengi, hata huku kwetu, wanadhani muumini mwenye mvuto wa namna hiyo ana milango miwili tu. Ama abadilike abaki kanisani au msikitini, ama aseme ukweli wake aondoke. Kufungwa kwa Exodus kulionyesha kwamba mlango wa kwanza haukuwa na chumba nyuma yake. Waliokuwa wameupita walijikuta wamebaki na imani yao, wamebaki na mvuto wao, na sasa walihitaji njia ya kuishi na vyote viwili bila kudanganya mtu. Njia hizo zipo, zimetembelewa na watu wenye majina, na zina gharama zake.

Kwanza tuone ahadi ile ilivunjikia wapi. Upande wa sayansi, nguzo yake kubwa ilikuwa utafiti wa Robert Spitzer, daktari wa akili wa Marekani aliyeheshimika sana, uliochapishwa mwaka 2003. Spitzer aliwahoji kwa simu watu 200 waliosema wamebadilika, na akahitimisha kwamba kwa baadhi yao mabadiliko yalikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba alitegemea maneno yao peke yake, na wengi wao walikuwa wameelekezwa kwake na huduma zilezile zilizohubiri mabadiliko. Mwaka 2012 alikiri kwamba hakuwa na njia yoyote ya kujua kama waliyosema yalikuwa kweli, akawaomba radhi watu waliopoteza miaka yao kwa kuutegemea utafiti wake. Kabla ya hapo, mwaka 2009, jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilikuwa limepitia tafiti 83 na kueleza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mvuto unaweza kubadilishwa kwa tiba, na kwamba majaribio hayo yanaweza kumletea mtu sonona na mawazo ya kujiua.

Huku kwetu ahadi hiyohiyo tunaijua kwa sura nyingine. Ni mkesha wa maombezi, mafuta ya upako, kufunga kwa siku kadhaa na kukemea pepo. Kwa Waislamu ni kusomewa kisomo. Siwadharau wanaofanya hivyo, kwani wengi wao wanafanya kwa upendo, na mtu anayeombewa mara nyingi ndiye aliyeomba aombewe. Lakini angalia kinachotokea wiki ya tatu, mvuto ukiwa bado upo. Mwombaji hasemi ombi halikujibiwa. Anasema imani ni haba, au kuna dhambi iliyofichwa. Kijana anabaki na mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kurudi na kusema hajapona, aombewe tena huku macho ya watu yakizidi kuwa makali. Au anaweza kusimama Jumapili na kutoa ushuhuda kwamba amefunguliwa. Anayetoa ushuhuda ule anapigiwa vigelegele, na tangu siku hiyo nafasi yake katika kusanyiko inasimama juu ya uongo ambao yeye peke yake anaujua. Ahadi iliyokusudiwa kumtakasa imemfundisha kudanganya mbele za Mungu, na kwangu hilo ndilo baya kuliko yote katika jambo hili.

Lipo na toleo la ahadi hiyo linalovaa kanzu ya harusi. Muozeshe, atatulia. Muhsin Hendricks, imamu wa Cape Town aliyesomea dini Karachi, alioa akapata watoto, kisha ndoa ikavunjika, na alipokaribia miaka 30 ndipo alipoweka wazi hali yake. Watu husimulia habari za namna hii wakimtazama mwanamume tu. Mke je? Huyo ni binti wa watu, aliyeposwa na kutolewa mahari, na kwa miaka anajiuliza amekosa nini ambacho mumewe hakioni kwake. Anafikia kujilaumu kwa umbo lake, kwa mapishi yake, kwa kila kitu isipokuwa sababu yenyewe, kwa kuwa sababu yenyewe hajaambiwa. Zipo ndoa za aina hii zilizodumu, kama ile ya Chambers na mkewe Leslie, na tofauti iko mahali pamoja: bibi harusi alijua kabla ya kusema ndiyo. Mchungaji au mshenga anayeshauri ndoa huku akishauri na siri amemtoa mtu wa pili kafara kwa tatizo la wa kwanza.

Baada ya mabadiliko kushindikana, hatua iliyowasaidia waumini wengi ilikuwa kutenganisha mambo ambayo watu huyafunga pamoja. Mwanasaikolojia Mkristo Mark Yarhouse, ambaye amewashauri watu wengi wa namna hii, hutofautisha ngazi tatu. Ya kwanza ni mvuto wenyewe, yaani moyo na mwili vinaelekea wapi bila kuulizwa. Ya pili ni mwelekeo, mvuto huo unapokuwa wa kudumu na wenye nguvu. Ya tatu ni utambulisho, yaani jina ambalo mtu anajiita na nafasi anayolipa jina hilo katika maisha yake. Juu ya hizo tatu lipo tendo, ambalo ni jambo la kuamua. Mtu anaweza kuwa na mvuto na asijiite jina lolote. Mwingine anaweza kujiita kwa jina hilo na asiwe na mwenzi maisha yake yote. Kijana wa miaka 17 anayemwambia padri kwamba anavutiwa na wenzake wa kiume amesema habari ya ngazi ya kwanza tu. Padri akimjibu kwa habari ya tendo, kijana anajua papo hapo kwamba hakusikilizwa.

Mafundisho ya dini zetu, hata yale makali, yanaijua tofauti hii vizuri zaidi kuliko mahubiri mengi ya Jumapili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakataza tendo, lakini inasema watu wenye mwelekeo huu wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na wasibaguliwe isivyo haki. Mwongozo wake kwao unataja sala, sakramenti na msaada wa urafiki usio na ubinafsi. Katika Uislamu, hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inaeleza kwamba umma umesamehewa yanayopita nafsini mradi mtu hajayatenda wala kuyatamka. Wanazuoni walio wengi wanaharamisha tendo bila kusitasita, lakini mwelekeo wa moyo ambao mtu hakuuchagua hauhesabiwi kuwa dhambi. Wapo wachache waliojaribu kuzisoma upya aya za kaumu ya Luti, na Hendricks alikuwa mmojawapo. Alianzisha msikiti Cape Town kwa ajili ya Waislamu waliokosa pa kuswali, na tarehe 15 Februari 2025 alipigwa risasi akafa akiwa ndani ya gari huko Gqeberha. Baraza la Mahakama ya Kiislamu la Afrika Kusini, ambalo halikukubaliana naye kamwe katika hukumu, lililaani mauaji yale.

Sasa turudi Marekani, kwa watu wawili waliofika mahali tofauti wakitokea mwanzo uleule.

Justin Lee alikulia North Carolina katika familia ya Wabaptisti wa Kusini. Shuleni alikuwa mlokole kiasi kwamba wenzake walimpa jina la utani la mambo ya Mungu. Alijua anavutiwa na wavulana, akaomba miaka mingi kiondoke, akawa na mchumba wa kike, hakikuondoka. Wazazi wake, watu wema waliompenda, walienda naye kwenye mikutano ya huduma za mabadiliko. Huko aligundua jambo kwa kusikiliza tu: waliokuwa wakishuhudia kwamba wamebadilika, ukiwauliza faraghani, walisema wameacha matendo, ila mvuto wanao bado. Mwaka 2001 akaanzisha chama cha Wakristo wenye hali kama yake, na mkutano ule wa Orlando ulikuwa wa chama hicho. Lee aliisoma Biblia na kufikia kwamba Mungu anaweza kubariki maagano ya watu wawili wa jinsia moja, kwa uaminifu uleule unaodaiwa kwa ndoa nyingine yoyote. Hoja yake inasimama juu ya Paulo anayesema upendo ndio utimilifu wa sheria, na anadai kwamba maandiko makali yalikuwa yakizungumzia mambo ya ibada za sanamu na unyonyaji wa zama zile.

Wesley Hill alilelewa katika imani ya kiinjili vilevile, naye alijua mapema mvuto wake uko wapi. Akawa msomi wa Agano Jipya na baadaye kasisi wa Kiepiskopali. Mwaka 2010 alichapisha kitabu kinachoitwa Washed and Waiting, akieleza kwamba anakubali fundisho la jadi kuwa tendo la ndoa ni la mume na mke, kwa hiyo amechagua useja. Hoja yake ni kwamba Biblia nzima, kuanzia Mwanzo mpaka mfano wa Kristo na Kanisa, inaijenga ndoa juu ya mume na mke, na kwamba mafungu machache yanayokataza ni tawi la shina hilo. Lakini Hill hakudai amepona. Alijieleza kwa jina lake, kwa hali yake, na kwa upweke wake, mbele ya wasomaji wake.

Jambo lililonivutia katika chama cha Lee si jibu lake mwenyewe. Ni kwamba aliwakaribisha na wale wasiokubaliana naye. Pande hizo mbili zilipewa herufi, A na B. A ni wale wanaoamini maagano ya jinsia moja yanaweza kubarikiwa. B ni wale wanaoamini wameitiwa useja, au ndoa ya mume na mke kwa ukweli wote. Herufi zilichaguliwa makusudi, kwa kuwa maneno yaliyokuwepo yote yalikuwa yameshabeba hukumu. Ukimwita mwenzako mlegevu au mkandamizaji, mazungumzo yamekwisha kabla ya chai kumiminwa. Katika mikutano yao waliimba pamoja, wakasali pamoja, na mtu wa A na mtu wa B wakaeleza mbele ya watu wote kwa nini kila mmoja anasoma maandiko hayohayo tofauti.

Haikuwa rahisi. Waliofika kwenye upande A baada ya mateso makubwa walijiuliza kwa nini wakae na mtu ambaye fundisho lake linawaambia nyumba zao ni dhambi. Waliochagua useja walitupiwa mawe kutoka pande mbili. Wenzao waliwaona wamejinyima uhai kwa woga, na makanisa yao yaliwashuku kwa sababu tu walikataa kusema wamepona. Hilo la pili lilijitokeza wazi mwaka 2018, pale mkutano wa watu wa upande B ulipofanyika katika kanisa la Kipresbiteri huko St. Louis. Watu walioahidi useja wa maisha, wanaofundisha fundisho lilelile la babu zao, walishutumiwa vikali ndani ya dhehebu kwa kuutaja mvuto wao kwa jina. Hapo ndipo msomaji anaweza kuona kwamba mara nyingi kinachogombewa si mwenendo. Ni kama mtu anaruhusiwa kusema ukweli hata kama mwenendo wake hauna doa.

Tofauti kati ya usiri na uongo inahitaji nafasi, kwa sababu huku kwetu ndiko mambo yanakoharibikia. Vijana wanaosoma habari za Marekani huona kana kwamba ukweli ni kutangaza, kusimama mbele ya watu wote na kusema. Jamii zetu za pwani, Waislamu kwa Wakristo, zimelelewa katika kusitiriana. Uislamu unafundisha kwamba amsitiriye Mwislamu mwenzake, Mungu atamsitiri, na unamkanya mtu asiyatangaze yaliyofichwa na Mola wake. Mkatoliki naye ana kitubio, ambamo padri hawezi kutoa neno hata akitishiwa kifo. Kwa hiyo muumini ana haki ya kunyamaza. Hamdai jirani, mwajiri wala kwaya nzima habari za moyo wake. Wapo wanaomdai: anayetaka kumuoa au kuolewa naye, na yeye mwenyewe awapo kwenye mkeka au magoti. Kwa wengine wote, kutosema si kudanganya. Kudanganya kunaanza pale anapobuni mchumba asiyekuwepo, anapotoa ushuhuda wa kupona, au anapojiunga kuwatukana wenzake ili asishukiwe.

Bado binadamu hawezi kubeba peke yake kwa miaka. Waliopita njia hii wanasimulia utaratibu unaofanana sana. Kwanza mtu anapata maneno ya kujiambia mwenyewe, bila kujitukana. Halafu anamtafuta mtu mmoja, na uchaguzi wa huyo mmoja ndio wenye hatari. Mtu anaweza kumpima kwa njia ndogo kabla ya kumwaga yote: alipopata habari ya binti aliyezaa nje ya ndoa, au ya mzee aliyeachwa na mkewe, aliizungumzaje? Aliyezitembeza siri za wengine kama mada ya maombi atazitembeza na zako. Maombi ya pamoja yamekuwa njia ya kusambaza siri katika makanisa mengi, na kila msomaji anayesali katika kikundi anajua nisemalo. Kisha anaangalia sheria na riziki. Tanzania, Kenya na Uganda sheria zinaadhibu matendo, na Tanzania adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Mvuto na maungamo ya mdomo si tendo, lakini uvumi hautofautishi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 ilikuwa na kifungu kilichowalazimisha watu kutoa taarifa kwa polisi, na Mahakama ya Katiba ilikifuta Aprili 2024, huku ikiacha sehemu kubwa ya sheria ile ikisimama. Kijana anayelala nyumbani kwa baba yake na kulipiwa ada na baba yake anaweza kungoja. Kungoja si unafiki.

Na yule aliyeambiwa afanye nini? Mwaka 2001, huko Kampala, vijana walianza kumwendea Christopher Senyonjo. Alikuwa askofu wa Kianglikana wa Buganda Magharibi tangu mwaka 1974 hadi alipostaafu mwaka 1998, na ustaafuni alifungua ofisi ya ushauri nasaha, kazi aliyoisomea. Alikuwa mzee wa karibu miaka 70, mwenye mke na watoto wengi, na hakuwa na sababu yoyote ya kujiingiza katika jambo hili. Vijana walimweleza kwamba wamekata tamaa na kanisa na wengine na uhai. Aliwasikiliza. Akawaambia Mungu anawapenda jinsi walivyo na wasijichukie. Kanisa lilimtaka awakemee na awaambie watubu, na kwamba yeye naye aache shughuli hiyo. Akajibu kwamba dhamiri yake ya mshauri haimruhusu. Akazuiwa kuhudumu kama askofu.

Kinachohuzunisha zaidi ni kwamba alichokifanya kilikuwa kimeandikwa. Mwaka 1998 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Lambeth, na azimio lao namba 1.10, ambalo viongozi wa Afrika walilipigania, ndilo linalotajwa kila mara kukataa ndoa za jinsia moja. Azimio hilo hilo linawahakikishia watu wenye mvuto huo kwamba wanapendwa na Mungu, kwamba kila aliyebatizwa na kuamini ni kiungo kamili cha mwili wa Kristo, na linawaagiza maaskofu kusikiliza habari za maisha yao. Nusu ya kwanza ilihubiriwa kila mahali. Nusu ya pili ilipofanyiwa kazi na mzee mmoja mwenye ofisi ndogo, akapoteza kazi ya maisha yake.

Januari 2011 Senyonjo alikuwa kijijini Nakawala kwenye mazishi ya David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki aliyeuawa nyumbani kwake siku mbili kabla. Mchungaji wa Kianglikana aliyepewa kipaza sauti aliugeuza msiba kuwa mahubiri ya kulaani, watu wakavutana, na wanakijiji wakakataa kulizika jeneza. Marafiki wa marehemu wakalibeba wenyewe mpaka kaburini, na askofu aliyekatazwa kuhudumu ndiye aliyesoma sala za maziko.

Hata pale ambapo hakuna anayelaaniwa, kubaki ndani kunahitaji kitu kingine ambacho fundisho pekee halileti. Hill amekieleza vizuri kuliko wengi. Kanisa linamwambia mtu kama yeye: usioe, usiwe na mwenzi. Sawa. Jioni ya Jumatano je, akiumwa homa, nani anampikia uji? Atazeeka na nani? Nani atamzika? Katika jamii yetu swali hili ni zito zaidi kwa sababu heshima ya mtu mzima inapimwa kwa nyumba yake. Mwanamke wa miaka 40 asiyeolewa ataulizwa katika kila harusi, na mwanamume asiyeoa hapewi nafasi ya kuongea katika kikao cha ukoo. Wakatoliki angalau wana watawa na mapadri, hivyo useja una vazi na anwani. Waprotestanti wengi hawana hata hilo, na Uislamu, ambao umeisisitiza ndoa kama nusu ya dini, unamwacha asiyeoa bila jina la heshima la kumwita.

Hill alirudi kwa mtawa wa karne ya 12, Aelred wa Rievaulx, aliyeandika juu ya urafiki wa kiroho kama njia ya kumjua Mungu. Kisha akafanya jambo la vitendo. Alikwenda kuishi nyumba moja na wanandoa marafiki zake, wakashirikiana meza na kazi, na binti yao alipobatizwa Hill akasimama kuwa baba wa ubatizo. Akapata mtoto anayemwajibikia mbele ya kanisa zima, kiti mezani, na watu wanaojua akichelewa kurudi.

Lakini hajaficha mipaka yake. Katika kitabu chake cha pili, Spiritual Friendship cha mwaka 2015, anasimulia jinsi alivyompoteza rafiki wa karibu sana, na jinsi huzuni yake ilivyokosa pa kwenda. Mjane huletewa rambirambi. Mtu aliyeachwa na mchumba hupewa pole. Aliyempoteza rafiki anaulizwa kwa nini amekonda. Urafiki hauna kiapo, rafiki anaweza kuoa na kuhamia mkoa mwingine bila kuvunja ahadi yoyote, na kwa asiye na ndoa anayemtegemea, hasara hiyo ni ya nyumba nzima. Ndiyo maana Hill amekuwa akidai makanisa yafikirie upya ahadi za urafiki zenye uzito, zinazojulikana na watu na kutunzwa.

Sisi tuna mapokeo ya aina hiyo tuliyoyaacha yafifie. Undugu wa kuchanjiana ulifungwa mbele ya mashahidi, na ndugu wa kuchanjiana alizikwa na kuombolezwa kama wa tumbo moja. Somo na kungwi walikuwa na haki na wajibu nyumbani ambamo hawakuzaliwa. Parokia inayomtaka mtu abaki mseja ina mambo mahususi ya kujibu: atakula Pasaka na familia ipi, nani ameandikwa kuitwa akilazwa, na kama jumuiya ndogondogo inayokutana nyumba kwa nyumba imewahi kukutana katika chumba chake cha kupanga.